Hesabu ya Bekari: Trei Ngapi za Mikate, Ngapi za Skonsi?

Swali lenyewe husomeka hivi. Bekari ndogo ya mtaani huoka vitu viwili, mikate ya nusu kilo na skonsi. Trei moja hubeba mabati 12 ya mikate au skonsi 60. Trei ya mikate hula kilo 4 za unga wa ngano, hushika nafasi tanurini kwa dakika 40 ukijumlisha kupakia na kupakua, na hutaka dakika 15 za mikono kukata donge, kupima na kupanga kwenye mabati. Trei ya skonsi hula kilo 3 za unga na hukaa tanurini dakika 20 tu, lakini hutaka dakika 30 za mikono, kwa kuwa vidonge 60 huviringwa kimoja kimoja. Tanuri hubeba trei mbili kwa mpigo na huoka kwa saa 7 kila siku. Unga uliopo ni mifuko miwili ya kilo 50. Wafanyakazi ni wawili, kila mmoja ana saa 6 za kazi ya mezani. Maduka ya jirani yameagiza mikate 96 kila siku, na oda hiyo lazima itimizwe. Mkate huuzwa kwa bei ya jumla shilingi 1,400, na skonsi shilingi 200. Je, bekari ioke trei ngapi za kila aina ili ipate faida kubwa kuliko zote?

Yeyote aliyefika kidato cha nne Tanzania au Kenya katika miaka ya karibuni amekutana na swali la namna hii, pengine likiwa la shamba la mahindi na maharage au la fundi wa meza na viti. Ni upangaji mstari, tawi la hisabati linalotafuta jibu bora pale ambapo rasilimali ni chache na kila kitu kinakwenda kwa uwiano: trei mbili hula unga maradufu ya trei moja, na trei kumi hula mara kumi. Wanafunzi wengi hukumbuka grafu na ile sehemu iliyotiwa kivuli. Kinachosahaulika ni kwamba grafu ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko katika kuyageuza maneno ya bekari kuwa mistari, kwa sababu ukikosea hapo hesabu haitagoma. Itakupa jibu safi kabisa la bekari ambayo haipo.

Tuanze na herufi. Mwanafunzi mwenye haraka huandika "x ni mikate, y ni skonsi", kisha anasonga mbele. Hapo tayari ameshatega mtego. Ni mikate mingapi? Ni mkate mmoja, trei moja, au mauzo ya siku nzima? Unga umetajwa kwa trei, bei imetajwa kwa kipande, na oda ya maduka nayo imetajwa kwa kipande. Ukichagua kipande, utagawanya kila namba ya tanuri kwa 12 au kwa 60 na kubaki na vipande vya dakika visivyo na maana kwa mwokaji, kwani hakuna anayepakia mkate mmoja tanurini. Trei ndiyo kipimo cha kazi humu, basi tuandike: x ni idadi ya trei za mikate kwa siku, na y ni idadi ya trei za skonsi kwa siku. Oda ya mikate 96 inakuwa trei 8. Bei ya mkate inakuwa shilingi 16,800 kwa trei, na ya skonsi shilingi 12,000 kwa trei.

Sharti la unga halina tabu. Kila trei ya mikate hula kilo 4 na ya skonsi kilo 3, na jumla haiwezi kuzidi kilo 100. Mikono vilevile: dakika 15 mara x, ongeza dakika 30 mara y, visizidi dakika 720, yaani watu wawili kwa saa 6 kila mmoja.

Sharti la tanuri ndilo linaloangusha wengi, na ninalipa nafasi zaidi kwa sababu hiyo. Tanuri linaoka saa 7, ambazo ni dakika 420. Mwanafunzi huandika 40x + 20y isizidi 420, na kwa kuangalia juu juu unaona kama yuko sawa. Lakini dakika 40 ni za trei moja, na tanuri linabeba trei mbili. Ndani ya dakika moja ya saa ya ukutani, tanuri hutoa dakika mbili za trei. Kwa hiyo kilichopo si dakika 420 bali 840. Anayesahau hilo amelikata tanuri nusu bila kuligusa, na jibu lake litakuwa trei 8 za mikate na trei 5 za skonsi kwa siku.

Je, atajuaje kuwa amepotea? Aangalie kilichobaki. Trei 8 na trei 5 zinatumia kilo 47 za unga, kwa hiyo mfuko mzima na ziada vimekaa stoo. Wafanyakazi wametumia dakika 270 kati ya 720. Mtu aliyenunua mifuko miwili kila siku na kuajiri watu wawili bila shaka hakufanya hivyo ili nusu yao wakae bure. Jibu linapokuambia kwamba karibu kila kitu kimelala isipokuwa kitu kimoja, rudi kwenye sharti la kitu hicho ulisome upya kabla ya kuamini hesabu. Wakati mwingine ni kweli kwamba kitu kimoja kinabana kupita kiasi. Mara nyingi zaidi ni kipimo kilichochanganywa, saa na dakika, kilo na gramu, trei na tanuri.

Sasa faida. Fomula ya lengo ni ule mstari mmoja unaosema tunatafuta kuongeza nini, na ndani yake kila herufi hubeba thamani ya trei moja zaidi. Maneno hayo mawili, "moja zaidi", ndiyo yanayoamua nini kiingie na nini kikae nje. Trei ya mikate huingiza shilingi 16,800. Swali linatupa gharama zake: unga shilingi 7,200, hamira, sukari, chumvi, mafuta na mifuko ya kufungia shilingi 2,400, gesi shilingi 1,200. Inabaki shilingi 6,000. Trei ya skonsi huingiza shilingi 12,000, ikala unga wa shilingi 5,400, sukari, siagi na hamira za shilingi 2,000 na gesi ya shilingi 600. Inabaki shilingi 4,000.

Kisha linakuja lile swali ambalo halikosekani darasani: "Mwalimu, mbona mishahara na kodi ya pango hatujavitoa?" Ni swali zuri, na jibu lake linastahili hesabu badala ya amri. Tuseme wafanyakazi wanalipwa shilingi 13,000 kila mmoja kwa siku, na pango ni shilingi 10,000 kwa siku. Jumla ni shilingi 36,000. Mwanafunzi makini, tena mwenye roho ya mhasibu, anagawanya fedha hizo kwa dakika 720 za kazi na kupata shilingi 50 kwa dakika. Trei ya mikate yenye dakika 15 anaitoza shilingi 750, na ya skonsi yenye dakika 30 anaitoza shilingi 1,500. Faida za trei sasa zinasomeka shilingi 5,250 na shilingi 2,500. Kila kitu kinaonekana kimetendewa haki.

Akiendelea hadi mwisho kwa namba hizo, hesabu itamwambia aache skonsi kabisa na kuoka trei 21 za mikate, na faida itaandikwa shilingi 110,250. Lakini trei 21 za mikate zinatumia dakika 315 tu za mikono. Dakika 405 zilizobaki wafanyakazi wamekaa, na mshahara wao haukupungua, wala mwenye nyumba hakupunguza kodi. Shilingi 20,250 zimepotea kwenye daftari ilhali zimelipwa mfukoni. Faida halisi ya mpango huo, ukitoa zile 36,000 zote, ni shilingi 90,000. Tutaona hivi punde kwamba mpango sahihi unaacha shilingi 106,000. Ule uhasibu wa haki umemgharimu mwenye bekari shilingi 16,000 kila siku, kwa sababu umeifanya skonsi ionekane ghali kwa mshahara ambao ungelipwa hata kama skonsi zisingeokwa. Gharama isiyobadilika kwa uamuzi wako haiingii kwenye fomula ya lengo. Itolewe mwishoni, mara moja, ikiwa nzima.

Kama wafanyakazi wangelipwa kwa trei, hali ingekuwa tofauti kabisa na malipo hayo yangeingia. Kwa hiyo hakuna kanuni ya kukariri kwamba mshahara hauingii. Kinachoulizwa ni kama trei moja zaidi inauongeza.

Mpango mzima, ukiandikwa, ni mistari michache:

```
ongeza   P = 6000x + 4000y
tanuri   40x + 20y <= 840
unga      4x +  3y <= 100
mikono   15x + 30y <= 720
oda        x >= 8
           y >= 0
```

Mstari wa mwisho huachwa na wengi kwa kuwa unaonekana wa kijinga: nani ataoka skonsi pungufu ya sufuri? Karatasi haijui hilo. Katika swali hili pembe ya ushindi iko mbali na sufuri, kwa hiyo kuusahau hakutakuumiza, lakini katika maswali mengine karatasi hukushauri kwa furaha uoke trei kasoro tatu za bidhaa moja ili upate unga wa nyingine.

Kuchora kwenyewe ni kazi ya rula. Mstari wa tanuri unakata mhimili wa x kwenye 21 na wa y kwenye 42. Wa unga unakata kwenye 25 na 33 na theluthi. Wa mikono unakata kwenye 48 na 24. Oda ni mstari wima kwenye 8. Kila sharti linafuta upande mmoja wa karatasi, na kinachosalia baada ya yote ni umbo la pembe tano, ambamo kila nukta ni mpango unaowezekana. Pembe zake, ukizungukia kuanzia chini, ni (8, 0), (21, 0), (13, 16), (11.2, 18.4) na (8, 20).

Ndani ya umbo hilo mna mipango isiyohesabika, na hapa ndipo nadharia inapookoa muda. Chukua faida yoyote, tuseme shilingi 60,000, uchore mstari wa mipango yote inayoleta faida hiyo. Unakata x kwenye 10 na y kwenye 15. Mstari wa shilingi 120,000 unaelekea vilevile, ila umesogea nje. Basi weka rula juu ya mstari wa kwanza na uisukume polepole kutoka kwenye kona ya karatasi bila kuipindisha. Nukta ya mwisho kuguswa na rula kabla haijaliacha umbo ndiyo faida kubwa, na kwa kuwa kingo zote ni mistari iliyonyooka, nukta hiyo lazima iwe kwenye pembe. Au ukingo mzima, endapo rula inalala sambamba nao, lakini hata hapo pembe zake mbili zimo. Kwa hiyo tunapima pembe tano tu. Zinaleta shilingi 48,000, 126,000, 142,000, 140,800 na 128,000. Mshindi ni wa tatu: trei 13 za mikate na trei 16 za skonsi, yaani mikate 156 na skonsi 960, na shilingi 142,000 kabla ya mishahara na pango.

Mrusi Leonid Kantorovich alilifikia wazo hili mwaka 1939, baada ya watu wa kiwanda cha mbao za plywood kumletea swali la kugawa kazi kati ya mashine zao. Mmarekani George Dantzig, akifanya kazi za mipango ya jeshi la anga, alitunga mwaka 1947 njia ya kutembea kutoka pembe hadi pembe jirani iliyo bora zaidi, njia inayofaa hata pale bidhaa zinapokuwa mamia na hakuna karatasi ya kuchoria. Kantorovich alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans. Dantzig hakuwamo, jambo ambalo bado linawashangaza wengi wa fani hii, nami ni mmoja wao.

Turudi bekari, maana jibu la trei 13 na 16 lina habari zaidi ya namba mbili. Angalia kilichotumika. Tanuri: 520 na 320, jumla 840, limejaa. Unga: 52 na 48, jumla kilo 100, umekwisha. Mikono: dakika 675, zimebaki 45. Kwa hiyo mwenye bekari anayefikiria kuajiri mtu wa tatu aache. Mikono haibani, na mtu mmoja zaidi hatazalisha hata skonsi moja. Kinachobana ni tanuri na unga.

Kati ya hivyo viwili, aongeze kipi kwanza? Hapa wachumi wana kitu wanachokiita bei kivuli, yaani faida inayoongezeka ukipata kipimo kimoja zaidi cha rasilimali huku mengine yote yakibaki palepale. Inapatikana kwa kutatua milinganyo upya huku ukiongeza kidogo. Kilo moja zaidi ya unga inaleta shilingi 1,000 za faida, baada ya unga wenyewe kulipiwa. Dakika moja zaidi ya trei tanurini inaleta shilingi 50, kwa hiyo saa moja zaidi ya tanuri, yenye dakika 120 za trei, inaleta shilingi 6,000.

Ukiishia hapo, mfuko wa tatu wa unga unaonekana ni dhahabu: kilo 50 mara shilingi 1,000. Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la mishahara, na linafanywa hata na watu waliomaliza chuo. Bei kivuli ni ya kweli mpaka sharti jingine lianze kubana. Kila kilo ya unga inayoongezwa hupunguza nusu trei ya mikate na kuongeza trei moja ya skonsi, kwa kuwa tanuri limejaa na lazima libadilishane. Lakini skonsi hula mikono. Kilo moja zaidi huongeza dakika 22 na nusu za kazi ya meza, na zilizobaki zilikuwa 45. Baada ya kilo 2 tu, kwenye trei 12 na 18, mikono imekwisha. Faida imepanda hadi shilingi 144,000, na kilo 48 zilizosalia kwenye mfuko wa tatu hazina wa kuzitumia. Saa moja ya ziada ya tanuri haikutani na ukuta huo: mpango unahamia trei 22 za mikate na trei 4 za skonsi, mikono inapungua badala ya kuongezeka, na shilingi 6,000 zinapatikana zote. Kama mtu wa kulisimamia tanuri saa hiyo anadai malipo yanayokaribia 6,000, basi hakuna cha kugombania.

Kuna bahati iliyofichwa katika jibu letu, nayo ni kwamba lilitua kwenye namba nzima. Upangaji mstari haujui kwamba trei haikatwi. Tuseme ushindani umeongezeka na bei ya jumla ya mkate imeshuka kwa shilingi 100. Faida ya trei ya mikate inashuka hadi shilingi 4,800, rula inabadilisha mlalo wake, na pembe ya ushindi inakuwa (11.2, 18.4), yenye shilingi 127,360. Hakuna trei ya 0.2. Mwanafunzi anapunguza hadi 11 na 18, anapata shilingi 124,800, anapiga mstari chini ya jibu. Ukimwambia ajaribu ile pembe ya zamani, trei 13 na 16, atakuta shilingi 126,400, na masharti yote yametimia. Namba nzima iliyo bora haikuwa jirani wa karibu wa pembe. Ilikuwa hatua mbili pembeni, na kukata desimali kumemnyima mwenye bekari shilingi 1,600. Kwa bidhaa mbili unaweza kukagua nukta kadhaa kwa mkono. Kwa bidhaa ishirini, kazi hiyo ina mbinu zake na ni ngumu kuliko upangaji mstari wenyewe. Katika Excel, kwenye kisanduku cha Solver, ni lazima uiambie kwa kuchagua `int`, vinginevyo itakupa vipande vya trei bila aibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya, na ambalo mwokaji yeyote angelikamata kabla hajamaliza kusoma jibu. Sharti letu la tanuri lilijumlisha dakika za trei kana kwamba ni maji kwenye ndoo. Tanuri la kweli huoka kwa mipakio. Mikate ya bati hutaka moto mkali, na skonsi zenye sukari na siagi huungua juu kwa moto huohuo kabla ndani hazijaiva. Havichanganywi kwenye mpakio mmoja. Trei 13 za mikate, zikiingia mbilimbili, ni mipakio 7, wa mwisho ukiwa na trei moja na nafasi tupu pembeni. Mipakio 7 ya dakika 40 ni dakika 280. Trei 16 za skonsi ni mipakio 8 ya dakika 20, yaani dakika 160. Jumla ni dakika 440, na saa 7 zina dakika 420. Mpango ulioshinda kwenye karatasi haumaliziki kabla ya kuzima tanuri. Umepitiliza dakika 20, yaani mpakio mmoja wa skonsi.

Aliyeona hilo hahitaji kutupa kazi yake. Anabadilisha sharti moja: badala ya kuhesabu dakika za trei, anahesabu mipakio, mikate kwa dakika 40, skonsi kwa dakika 20, jumla isizidi 420, na kila mpakio usizidi trei mbili. Unga, mikono na oda vinabaki vilevile. Akikagua namba nzima zilizo karibu, anakuta mipango miwili inayofungana kwa shilingi 140,000: trei 14 za mikate na 14 za skonsi, au trei 12 za mikate na 17 za skonsi. Shilingi 2,000 zilizopungua kutoka 142,000 ni gharama ya tanuri kutokuwa ndoo.

Kuna mengine ambayo hata sharti hili jipya haliyaoni. Halijui kwamba donge lazima liumuke kabla ya kuoka, kwa hiyo saa 7 za tanuri zihesabiwe kuanzia mpakio wa kwanza, wala si kuanzia mlango unapofunguliwa alfajiri. Halijui kama mtaa unaweza kumaliza skonsi 1,020 kwa siku. Kama haumalizi, ni sharti jingine la mstari mmoja, y isizidi kiasi fulani, na pembe zinahesabiwa upya.

Kati ya ile mipango miwili inayofungana, fomula haina la kusema, kwa kuwa kwake ni sawasawa. Mwenye bekari anaweza kuchagua kwa kuangalia mabaki. Trei 14 kwa 14 zinabakisha kilo 2 za unga, zinajaza kila mpakio trei mbili kamili, na zinawaachia wafanyakazi dakika 90. Trei 12 kwa 17 zinabakisha kilo 1 na dakika 30, na mpakio wa mwisho wa skonsi una nafasi tupu. Mimi ningechukua 14 kwa 14, kwa kuwa mabati 168 yanapotoka tanurini lazima yasafishwe na kupakwa mafuta tena kwa ajili ya kesho, na muda wa kazi hiyo haukuandikwa popote kwenye swali.